Maziwa ya jioni ndiyo yanayoamua: kuuza ya moto, benki ya barafu au tangi la kupozea?

Vikundi vingi vya wafugaji vikikaa kupanga biashara ya maziwa, swali la kwanza huwa ni hili: tununue tangi la lita ngapi? Nimekuwa katibu wa kikundi cha namna hiyo kwa miaka kadhaa, na sisi pia tulianzia hapo. Tulilipia somo hilo kwa maziwa yaliyomwagwa. Swali linalotangulia ni la muda: tangu maziwa yatoke kwenye kiwele hadi yafike nyuzi 4 za selsiasi, zinapita saa ngapi? Ukilijibu kwa ukweli, utajua unahitaji kifaa gani, upime wapi na ulipe vipi.

Maziwa hutoka kwa ng'ombe yakiwa na joto la nyuzi 37 au 38. Kwa saa mbili tatu za mwanzo yana kinga yake ya asili inayozuia bakteria wasiongezeke haraka. Kinga hiyo ikiisha na maziwa bado ni ya uvuguvugu, bakteria wanaweza kuongezeka mara mbili kila nusu saa. Chukua maziwa safi yenye bakteria 10,000 kwa mililita. Wakiongezeka hivyo kwa saa nne tu, watafika zaidi ya milioni mbili na nusu. Kuyapoza baada ya hapo hakuondoi hata mmoja, kunawatuliza tu. Ndiyo maana tangi la bei kubwa likipokea maziwa yaliyochelewa linabaki kuwa ghala la maziwa mabovu yaliyo baridi.

Nitalinganisha njia tatu: kuuza maziwa bila kuyapoza, kuyapoza kwa barafu iliyogandishwa mapema, na kuyapoza ndani ya tangi lenye kompresa. Nitatumia kikundi kimoja cha mfano. Kina wanachama 72. Asubuhi kinapata lita 600, jioni lita 300. Ng'ombe wanakamuliwa saa kumi na moja alfajiri, maziwa yanafika kituoni kati ya saa moja na saa mbili na nusu yakiwa na nyuzi 30 hivi. Mnunuzi anakuja na gari lake mara moja kwa siku, saa sita mchana. Umeme upo, lakini hukatika.

| | Kuuza ya moto | Benki ya barafu | Tangi la kupozea |
|---|---|---|---|
| Maziwa ya jioni | Hayauziki kwa mnunuzi huyu | Yanapozwa papo hapo | Yanapozwa, yakiwa na tangi lake |
| Muda wa kupoa | Hayapozwi | Dakika chache | Saa tatu, likichaguliwa sawasawa |
| Umeme ukikatika wakati wa mapokezi | Hakuna shida | Barafu iliyokwisha gandishwa inafanya kazi, pampu tu ndiyo inataka umeme | Jenereta lazima iwake |
| Usafi wa kila siku | Keni tu | Mgumu zaidi, kwa sababu ya bamba ambamo maziwa hupita kupozwa | Wa kawaida |

Kuuza ya moto

Njia hii hudharauliwa bila sababu. Kama mnunuzi yuko karibu na anaweza kupokea maziwa ndani ya saa tatu tangu kukamua, kikundi hakihitaji mashine yoyote ya kupoza. Kinahitaji keni za chuma kisichoshika kutu au za aluminiamu, zenye mdomo mpana unaopitisha mkono mzima wakati wa kuosha, mizani, vifaa vya kupimia, na nidhamu ya saa. Madumu ya plastiki yenye shingo nyembamba yapigwe marufuku tangu siku ya kwanza. Chini ya bega la dumu hujengeka utando ambao brashi haiufikii, na utando huo ndio mbegu ya bakteria wa kesho.

Kwa kikundi chetu cha mfano njia hii haiwezekani. Kutoka saa kumi na moja alfajiri hadi saa sita mchana ni saa saba. Na hata mnunuzi akikubali kuja saa mbili asubuhi, lita 300 za jioni zinabaki nje. Mwanachama atazilaza nyumbani, kisha asubuhi atazichanganya na za alfajiri ili zisionekane. Keni moja ya namna hiyo inatosha kuharibu mzigo wote. Kwa hiyo kikundi kinachochagua kuuza ya moto kitamke wazi kwamba kinapokea maziwa ya asubuhi peke yake, na ya jioni ni ya nyumbani, ya ndama na ya jirani.

Kuna hatua ndogo ya kati inayosaidia: kuzamisha keni kwenye maji ya kisima mara tu baada ya kukamua, huku ukikoroga. Maziwa hushuka hadi nyuzi mbili tatu hivi juu ya joto la maji. Kisima chenye nyuzi 21 kitakupa maziwa ya nyuzi 24. Hayo si maziwa baridi, lakini yamepunguziwa kasi ya kuharibika, na kazi ya mashine kituoni itapungua.

Tangi la kupozea: soma kibandiko kabla ya kusoma bei

Tangi hili lina kompresa, na gesi ya kupozea hupita chini ya sakafu ya tangi huku pangaboi likikoroga maziwa. Ni rahisi kuliendesha na mafundi wa majokofu wanalielewa. Mtego wake uko kwenye kibandiko.

Matangi yaliyotengenezwa kwa kiwango cha ISO 5708 hubeba alama kama `2BII` au `4BII`. Namba ya mwanzo inaeleza tangi limepangiwa kujazwa kwa mikamuo mingapi. Lenye 2 linatarajia nusu ya ujazo wake kwa mara moja, lenye 4 linatarajia robo tu. Herufi inahusu joto la hewa ambalo mashine imepimiwa, A ikiwa ni kwa sehemu zenye joto zaidi na C kwa zenye baridi zaidi. Namba ya kirumi ni muda wa kupoza kiasi hicho kutoka nyuzi 35 hadi 4. II maana yake saa tatu.

Sisi tuliuziwa tangi la lita 1,000 lenye alama ya 4BII. Muuzaji alisema ukweli kuhusu ujazo wake, lita 1,000 zinaingia. Hakusema kwamba linapoza lita 250 kwa saa tatu, kwa sababu limetengenezewa mfugaji mmoja anayejaza kidogo kidogo kwa siku mbili. Tulimwaga humo lita 600 kwa mkupuo. Zilichukua karibu saa sita kupoa. Gari la mnunuzi lilipofika maziwa yalikuwa bado na nyuzi zaidi ya 10, dereva akatumbukiza kipimajoto chake, akafunga mfuniko na kuondoka. Wanachama walikuwa wamesimama pale wakitazama.

Hesabu ya kuchagua si ngumu. Tangi la lita 1,000 la 2BII linaweza kushusha lita 500 kwa nyuzi 31, kutoka 35 hadi 4. Lita 600 zinazofika na nyuzi 30 zinahitaji kushushwa nyuzi 26. Zidisha pande zote mbili: 500 mara 31 ni 15,500, na 600 mara 26 ni 15,600. Zinalingana, ingawa hakuna akiba. Wanachama wakizamisha keni zao kwenye maji ya kisima na maziwa yakafika na nyuzi 24, kazi inashuka hadi 12,000, na hapo tangi linapumua.

Lakini hesabu hiyo inakubali tu kama tangi ni tupu asubuhi, na hapa ndipo maziwa ya jioni yanapoleta matata. Tuseme lita 300 za jioni zimelala humo zikiwa na nyuzi 4, safi kabisa. Asubuhi unamimina juu yake lita 600 zenye nyuzi 30. Mchanganyiko unafika nyuzi 21. Maziwa yaliyokwisha tulia kwa saa kumi na mbili yameamshwa tena, na sasa kompresa inatakiwa kupoza lita 900. Mchanganyiko haupaswi kuvuka nyuzi 10 kila unapoongeza maziwa.

Ndiyo maana, kwa kikundi hiki, ningenunua matangi mawili: moja la lita 1,000 kwa asubuhi na moja la lita 500 kwa jioni, yote ya alama 2BII, au 2AII kama mahali penu pana joto kali. Bei ya mawili kwa pamoja ni kubwa kuliko ya tangi moja la lita 1,500. Faida yake ni kwamba maziwa ya jioni hayaguswi hadi mnunuzi afike, na kompresa moja ikifa, kikundi hakisimami chote.

Umeme wa kupoza lita 900 kwa siku, kwa hali hii, ni kama uniti 10 hadi 13. Hatari yake iko kwenye saa. Tangi lililojaa maziwa baridi lina gamba nene la kuzuia joto, na umeme ukikatika kwa muda wa saa mbili joto halipandi sana. Umeme ukikatika saa mbili asubuhi, maziwa yakiwa yameingia sasa hivi, una nusu saa ya kufikiri. Jenereta yenye nguvu ya kuwasha kompresa iwe kwenye bajeti ya mwanzo pamoja na tangi, isingoje mwaka wa pili.

Benki ya barafu

Hapa mashine haipozi maziwa moja kwa moja. Inagandisha maji kuzunguka mabomba ndani ya sanduku kubwa lililofunikwa vizuri, taratibu, kwa saa nyingi, hasa usiku. Maziwa yakifika, maji yenye nyuzi 1 au 2 yanasukumwa upande mmoja wa bamba la kupozea, maziwa yanapita upande wa pili, na yanatokea yakiwa na nyuzi 4 hadi 6. Keni ya lita 40 inapoa ndani ya dakika chache. Yanahifadhiwa kwenye tangi lenye gamba la kuzuia joto, na kwa kuwa yanaingia yakiwa baridi, tatizo la kuchanganya jioni na asubuhi linakwisha lenyewe. Tangi moja linatosha.

Kwa lita 900 zinazoshushwa kutoka nyuzi 30 hadi 4 unahitaji kama kilo 285 za barafu kwa hesabu ya karatasi. Panga kilo 350, kwa sababu kuna joto linaloingia kwenye mabomba na tangi.

Ubora wake mkubwa ni kwa mahali umeme unapopatikana usiku na kukatika mchana, kwa sababu baridi imekwisha wekwa akiba. Kasoro zake ni tatu. Inakula umeme zaidi kwa kila lita kuliko tangi, kwani kugandisha barafu kunaifanyisha kompresa kazi ngumu zaidi. Pili, bamba lina njia nyembamba na mipira ya kuziba, na lisipozungushiwa sabuni ya alkali kila baada ya kazi, na asidi mara kwa mara ya kuondoa mawe ya maziwa, yaani utando mgumu wa madini yake, linageuka kuwa kiwanda cha bakteria. Utajua hilo pale maziwa yanayopita bambani yanaposhindwa kipimo ilhali keni zote zilipita. Tatu, fundi wake ni adimu kuliko fundi wa tangi.

Nikiulizwa nichague kwa kikundi cha mfano, naanza na daftari la umeme. Andikeni kwa mwezi mzima umeme ulipokatika na uliporudi. Kama saa moja hadi saa tano asubuhi unakatika zaidi ya mara mbili kwa wiki, chukueni benki ya barafu. Kama sivyo, matangi mawili na jenereta.

Kupima: kila keni kwanza, tangi baadaye

Kuna vikundi vinavyopima tangi tu. Ni rahisi, lakini tangi likikataliwa hujui nani. Kipimo cha maana kiko kwenye meza ya mapokezi, keni kwa keni, na vitatu vinatosha: pua na macho, alikoli, laktomita.

Alikoli ni mililita 2 za maziwa na mililita 2 za alikoli ya asilimia 70 kwenye kichupa, ukatikisa taratibu. Yakibaki laini kwenye kioo, yanapita. Chembe zikionekana, yanakataliwa. Hapa kuna jambo linalowaumiza wafugaji wengi: chembe hazimaanishi uchachu peke yake. Maziwa ya dang'a, ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele na ya ng'ombe anayekaribia kukauka nayo hukatika. Chemsha kidogo kwenye kichupa. Yasipoganda yakichemka, hayajachachuka sana, na mwanachama aambiwe aangalie ng'ombe wake, asiitwe mchafu. Na chupa ya alikoli ifungwe kila mara. Ikiachwa wazi, inapungua nguvu na kuanza kupitisha maziwa mabovu.

Laktomita hupima uzito wa maziwa ukilinganisha na maji. Maziwa mazima kwa kawaida husoma kati ya 28 na 34 kwenye nyuzi 20. Kila nyuzi moja juu ya 20, ongeza 0.2. Nilishamwona mpokeaji akimrudisha mama mmoja kwa sababu laktomita ilisoma 27. Mama alisimama na keni yake kichwani, hana la kusema. Kipimajoto kilipowekwa kilionyesha nyuzi 26. Sita mara 0.2 ni 1.2, kwa hiyo usomaji halisi ulikuwa 28.2. Maziwa yalikuwa mazima. Bila kipimajoto, laktomita haina maana, na mpokeaji asiyejua kurekebisha anavunja kikundi, mwanachama mmoja baada ya mwingine.

Maji ya asilimia 10 hushusha usomaji kwa takriban nyuzi tatu za laktomita, kutoka 30 hadi 27. Mwanachama akikana, usibishane naye mezani. Nendeni watu wawili zizini alfajiri ya kesho, ng'ombe akamuliwe mbele yenu, mpime papo hapo. Kama maziwa ya zizini yanasoma 30 na ya mezani jana yalisoma 26, jibu limepatikana bila matusi.

Kwa kila keni chukua sampuli ya mililita 30 kwenye kichupa safi chenye namba ya mwanachama, weka kwenye barafu, na usiitupe hadi mnunuzi apokee mzigo. Tangi likikutwa na mabaki ya dawa za antibayotiki, kichupa hicho ndicho kitakachoonyesha ilitoka kwa nani. Hakuna sampuli, basi hasara ni ya wote 72.

Malipo

Hapa nalinganisha njia mbili tu. Ya kwanza ni kulipa kwa wingi pekee. Inaeleweka na mwanachama anaweza kuikagua kwa daftari lake mwenyewe. Udhaifu wake ni kwamba aliyeosha keni kwa maji ya moto na aliyeisuuza tu wanapata sawa.

Ya pili ni wingi pamoja na nyongeza ya ubora. Mara mbili kwa mwezi, bila kutangaza siku, sampuli ya kila mwanachama inapimwa kwa resazurini: mililita 10 za maziwa, mililita 1 ya rangi, dakika 10 kwenye maji ya nyuzi 37. Rangi ikibaki bluu bakteria ni wachache, ikigeuka waridi au nyeupe ni wengi. Tuseme mnunuzi analipa sehemu 100 kwa lita. Kikundi kinabaki na 15 kwa umeme, mishahara na matengenezo, kinalipa 79 kwa kila mmoja, na 5 za nyongeza kwa waliopata bluu mara zote mbili. Sehemu 1 iliyobaki ni ya mfuko wa hasara. Kwa lita 900 kwa siku, mfuko huo unapata thamani ya lita 9, kwa hiyo siku 100 zinakusanya thamani ya maziwa ya siku nzima, ya kufidia mzigo ukimwagika kwa sababu ya mashine. Mzigo uliomwagika kwa dawa ya mwanachama anayejulikana haulipwi na mfuko.

Mimi nachagua ya pili, lakini ianze baada ya miezi mitatu ya kupima na kuwaonyesha watu matokeo bila kugusa fedha. Ukianza na fedha, mpokeaji anaonekana mwizi kabla hajazoeleka.

Malipo kwa mafuta siyataki kwa kikundi cha ukubwa huu. Kipimo cha mafuta cha Gerber kinataka asidi kali ya salfuriki na mashine ya kuzungusha, na mnunuzi wenu pengine halipii mafuta hata hivyo.

Kuhusu siku za kulipa, fuateni siku za mnunuzi. Mnunuzi akilipa mwisho wa mwezi na nyinyi mkaahidi kulipa kila nusu mwezi, mnahitaji mkononi thamani ya maziwa ya siku 15, yaani ya lita 13,500, kabla hamjapokea hata senti. Vikundi vinavyokopa kufunika pengo hilo huishia kumlipa mkopeshaji kwanza. Kwa anayebanwa na ada ya shule au ugonjwa, toeni karadha isiyozidi theluthi ya maziwa aliyokwisha leta.

Jambo la mwisho ni dogo kwa macho. Pimeni kwa mizani, kwa sababu povu hudanganya kipimo cha lita. Lakini lita moja ya maziwa ina uzito wa kilo 1.03. Kikundi kinachopokea kilo 600 na kuandika lita 600, kisha kinamuuzia mnunuzi anayepima kwa lita, kina lita 582 tu tangini. Kila asubuhi kinalipa lita 18 zisizokuwepo, zaidi ya 500 kwa mwezi, na mhasibu atamshuku mlinzi. Gawanyeni kila uzito kwa 1.03 kabla ya kuandika kwenye kadi ya mwanachama, na kila jioni linganisheni jumla ya kadi, rula ya tangi na risiti ya mnunuzi. Pengo likizidi lita moja kwa kila mia, mpokeaji na mhasibu wasiende nyumbani hadi lijulikane.